Kisutu cha bibi kisigeuke kitenge: kutia rangi picha ya 1962 bila kubadili sura

*Shikamoo mwalimu. Nina picha ya babu na bibi, ilipigwa studio Tanga mwaka 1962, siku chache baada ya harusi yao. Ni nyeusi na nyeupe, ukubwa wa postikadi. Babu amekaa na kanzu na kofia, bibi amesimama na kisutu chake, na pembeni yupo somo wake. Kuna mpasuko unaopita shavuni kwa bibi, madoa ya njano, na kona moja imeliwa na mende. Mara tatu nimeipeleka kwenye akili mnemba nikaandika "rekebisha picha hii, itie rangi, iwe na ubora wa hali ya juu". Kila mara bibi anatoka mwanamke mwingine, tena mweupe zaidi, kisutu kinageuka kitenge, na maandishi ya kanga ya somo yanakuwa mauzauza. Niandikeje ili sura na nguo zibaki zilezile?*

Marahaba mwanangu. Maagizo yako yana kosa, na nitakupa mengine, lakini nianze na jambo litakalokuokolea wiki nzima ya kujaribu. Hakuna maneno yatakayoizuia zana hiyo isiguse sura kabisa. Yapo yanayopunguza madhara. Kinachoondoa madhara ni kuichukulia rangi peke yake, na sura ukaiacha ibaki ya picha yako mwenyewe. Haya mawili yanakwenda pamoja, kwa hiyo nisome mpaka mwisho kabla hujarudi kwenye simu.

Kwanza uelewe bibi anapotelea wapi. Postikadi ina upana wa sentimita 14 hivi ikilala. Watu watatu wakienea humo, kichwa cha mmoja kina upana wa kama milimita 12. Ukiituma, zana huipunguza, tuseme ibaki na pikseli 1536 kwa upana. Sura ya bibi sasa ina pikseli 130, na jicho lake moja, ambalo ni kama sehemu ya tano ya upana wa sura, lina pikseli 26. Kisha zana nyingi za aina hii hazichori juu ya pikseli zenyewe. Huibana picha kwanza. Familia ya Stable Diffusion, kwa mfano, hubana mara 8 kila upande. Jicho la bibi limebaki vijisehemu vitatu kwa upana. Katika vijisehemu hivyo vitatu zana inatakiwa irudishe kope, mboni, na ule mkunjo unaokufanya useme "huyu ni bibi". Haviwezi kutosha, basi inajazia kutokana na macho ya watu wengine iliyofundishwa nayo. Ukiiambia "ubora wa hali ya juu" umeiruhusu ijazie zaidi, kwa sababu maneno kama hayo, pamoja na "angavu", "kali" na "ya kisasa", inayaelewa kama ngozi laini, macho makubwa na mwanga wa tangazo la sabuni. Yafute yote. Hata neno "boresha" lifute.

Nilipokuwa kijana studioni tulitia rangi picha kwa mkono, kwa rangi za mafuta na pamba iliyozungushwa kwenye kijiti. Mteja alipokuja kuagiza, tuligeuza picha tukaandika nyuma kwa penseli: kanga nyekundu, kanzu maziwa, pazia kijani. Mtia rangi hakuchora sura. Sura ilikuwa tayari imetengenezwa na mwanga, yeye alipaka rangi nyembamba juu yake, na kivuli cha chini kikaonekana kupitia ile rangi. Maagizo unayoyatafuta ndiyo ile karatasi ya nyuma, na kazi tutakayofanya mwishoni ndiyo ile rangi nyembamba.

Tuanze na skana. Usipige picha kwa simu kama unaweza kuepuka. Weka kwenye skana ya kulaza, dpi 600, na chagua rangi ingawa picha ni nyeusi na nyeupe. Utapata kama pikseli 3300 kwa 2100, na sura ya bibi itakuwa na pikseli 280 hivi, zaidi ya maradufu ya zile zana iliyokuwa inaziona. Hifadhi kama TIFF na faili hilo usiliguse tena. Fanyia kazi nakala.

Sababu ya kuskani kwa rangi ni madoa yako ya njano. Kitu cha njano kinameza mwanga wa bluu na kuuachia mwekundu upite. Kwa hiyo ukiitenganisha picha katika rangi zake tatu, doa litaonekana jeusi kabisa kwenye ya bluu, hafifu kwenye ya kijani, na kwenye nyekundu karibu halipo. Chukua hiyo nyekundu peke yake. Kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, iko `Colors > Components > Extract Component`, uchague `RGB Red`. Ukiwa na ImageMagick, programu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, ni mstari mmoja:

```
magick skani.tif -channel R -separate safi.tif
```

Madoa mengi yatakuwa yameondoka bila mtu kuchora chochote. Kisha nyoosha mwanga kwa `Levels`, ili weusi uwe weusi na kanzu iwe nyeupe, lakini darizi ya shingoni isipotelee ndani ya weupe. Hatua hii ifanye taratibu, maana ndiyo itakayoamua bibi aonekane mweusi au mweupe kiasi gani. Utaona baadaye kwa nini.

Mpasuko wa shavuni usiupe zana ya akili mnemba. Mpasuko wa milimita moja ni kama pikseli 24 kwenye skani yako, na pande zake mbili una ngozi ya bibi mwenyewe. Kuza picha mpaka sura ijae skrini, chukua kifaa cha `Heal`, brashi ndogo, na uchukue ngozi iliyo karibu kabisa na mpasuko, upande wenye mwanga uleule. Saa moja inatosha. Vumbi na mikwaruzo ya usoni vilevile.

Ila kuwa mwangalifu unafuta nini. Chukua karatasi ya picha yenyewe, iangalie kwa kioo cha kukuzia, tena uwe na mzee anayemkumbuka bibi. Kipini puani kinafanana na tone la vumbi. Mwanya wa meno unafanana na mkwaruzo. Hina na piko za bibi harusi kwenye vidole, viganja na miguu zinafanana na uchafu wa picha, na zana zote nilizowahi kutumia zimeziosha mikono zikatoka safi kama za mtu asiyeolewa. Chale, ndewe za masikio, shanga za shingoni, idadi ya bangili: viandike vyote kwenye karatasi kabla hujaanza. Karatasi hiyo ndiyo utakayokagulia kazi mwishoni.

Kona iliyoliwa ndiyo pekee ninayokuruhusu kuipa zana ichore, kama ni pazia au sakafu tu. Kama kona hiyo ina mguu wa somo au pindo la kanga, iache ilivyo, au ujazie kijivu tupu.

Sasa maagizo. Kabla ya kutuma, kata nakala yako iwe na uwiano ulio rahisi, 3 kwa 2, ili zana isiikate au kuivuta yenyewe. Halafu uandike hivi, ukibadilisha yale utakayoelezwa na wazee:

```
Tia rangi tu kwenye picha hii. Kila mstari, kivuli, mkunjo na
chembe ya picha ibaki mahali pake. Fremu ni ileile.
Watu watatu, kutoka kushoto kwa mtazamaji:
1. Mwanamke mtu mzima, amesimama. Kanga ya pamba yenye pindo
   pande zote nne: mji wa njano, pindo la kahawia. Maandishi
   yabaki kama alama zilivyo kwenye picha.
2. Mwanamke kijana, amesimama. Kanga ya rangi tatu tu:
   nyekundu, nyeusi, nyeupe. Kipini cha dhahabu puani.
   Hina ya kahawia-nyekundu vidoleni. Midomo imefungwa.
3. Mwanamume, amekaa. Kanzu rangi ya maziwa, darizi ya rangi
   hiyohiyo. Kofia nyeupe yenye viua vya kahawia.
Ngozi: kahawia iliyokoza, mwanga na kivuli kama kwenye picha.
Pazia na sakafu: rangi haijulikani, viache karibu na kijivu.
Rangi zote tulivu, za mchana wa kawaida.
```

Angalia kwamba sikuandika "usimfanye atabasamu". Nimeandika "midomo imefungwa". Zana nyingi zina udhaifu kwenye kukanusha: ukitaja tabasamu, hata kwa kulikataza, umeshaliweka mezani. Eleza kilichopo. Na "kushoto kwa mtazamaji" ni lazima, la sivyo kipini cha bibi utakikuta kwa somo.

Angalia pia kwamba sijatumia neno "kisutu" wala "vazi la Kiafrika". La pili ndilo hatari zaidi, maana ndilo linaloleta kitenge. Kitenge ni jora lenye ua linalojirudia bila mwisho. Kanga ina mwili wake, pindo pande nne, mji katikati, na jina. Zana haijui tofauti hiyo kwa kutajiwa neno, ila ukiielezea pindo na idadi ya rangi inajizuia. Kisutu kina bahati ambayo kanga nyingine hazina: tunajua rangi zake, nyekundu, nyeusi na nyeupe, hata kabla ya kumuuliza mtu. Kanga ya somo hatuijui. Kijivu hakisemi kama kitambaa kilikuwa cha njano au cha buluu ya mbingu. Vyote viwili vinaweza kutoa kijivu kimoja. Hapo lazima aulizwe mtu, na kama hakuna anayekumbuka, iachwe hafifu. Nakuomba usiwaulize wazee "ilikuwa nyekundu, eti?" Uliza "ilikuwa rangi gani?" kisha unyamaze. Ukiwatajia rangi wataikubali kwa heshima tu.

Zana itakupa picha yenye rangi. Ukiitazama sura ya bibi, huenda bado si yeye hasa. Labda shavu limejaa kidogo, labda jicho limepanuka. Usihangaike kutuma mara ya kumi. Fungua ile nakala yako safi uliyoikata, nyeusi na nyeupe, kwenye GIMP. Ifanye iwe ya rangi kwa `Image > Mode > RGB`. Kisha lete ile yenye rangi juu yake kwa `File > Open as Layers`. Ivute kwa `Scale` mpaka ilingane na ya chini. Kuhakiki, weka tabaka la juu kwenye `Difference`: zikilingana, skrini inakuwa na giza lenye rangi hafifu tu, bila mistari, zisipolingana, utaona kila mtu ana kivuli cha mistari kando yake. Zikishakaa sawa, badilisha hali ya tabaka la juu iwe `LCh Color`.

Hapo ndipo ile rangi ya mafuta ya zamani inaporudi. Tabaka la juu linatoa rangi tu, na mwanga wote, yaani kila mstari wa jicho, kila uzi wa kanzu, unatoka kwenye picha yako. Bibi amerudi. Maandishi ya kanga ya somo yamerudi kama yalivyo, hata kama hayasomeki, kwa sababu zana haikupata nafasi ya kuyaandika. Na weupe wa bibi nao umekwisha: zana inaweza kukosea ngozi ikawa ya uchungwa au ya kijani, lakini haiwezi kuing'arisha, maana kiasi cha mwanga umeshakiamua wewe kwenye `Levels`. Ndiyo sababu nilikuambia ile hatua isiharakishwe.

Kazi haijaisha, ila imebaki ya mikono. Mahali ambapo zana ilisogeza mkono kidogo, rangi ya ngozi itakuwa imemwagikia kwenye kitambaa. Weka kinyago kwenye tabaka la juu, `Add Layer Mask`, nyeupe, kisha paka nyeusi kwenye mmwagiko. Hapo patarudi kuwa kijivu. Tengeneza tabaka jingine tupu, nalo liwe `LCh Color`, upake rangi unayoitaka kwa brashi. Hivi ndivyo kipini kinavyopata dhahabu yake, ambayo zana mara nyingi huisahau.

Kisutu kitakusumbua kuliko kitu kingine. Zana ikiwa imebuni ua lake, rangi zake hazitaangukia juu ya ua la kisutu cha kweli. Utaona wekundu umepaka nusu ya nyeupe, kama doa la juisi. Ukiona hivyo, izime rangi ya zana kwenye kisutu chote kwa kinyago, na ukitie mwenyewe. Chukua kifaa cha `Fuzzy Select`, ukiwa kwenye tabaka la picha nyeusi na nyeupe bonyeza kwenye kijivu cha katikati, kisha hamia kwenye tabaka lako la rangi na ujaze nyekundu. Nyeupe na nyeusi hazihitaji kitu. Fanya kipande kwa kipande, mkunjo kwa mkunjo, maana nyekundu iliyo kivulini ina kijivu tofauti na iliyo kwenye mwanga, na ukichagua kitambaa chote kwa mpigo utachagua na nyeusi pamoja. Nyekundu yenyewe isikolezwe.

Hapo nimesema "kijivu cha katikati" nikichukulia kwamba kipo. Hesabu. Ukiona hatua tatu, nyeupe, kijivu na nyeusi, basi filamu iliiona nyekundu. Ukiona mbili tu, nyeupe na nyeusi, na midomo ya watu wote nayo imekuwa nyeusi kuliko kawaida, basi filamu iliyotumika haikuwa na hisia ya mwanga mwekundu. Filamu za namna hiyo, othokromatiki, zilitumika miaka mingi kabla ya zile zinazoona rangi zote kuenea. Kwa 1962 natarajia utaona tatu. Lakini ukikutana na mbili, au baadaye ukichukua picha ya miaka ya 1930 ya mama wa bibi, ujue mstari kati ya nyekundu na nyeusi haupo tena kwenye karatasi, na akili mnemba yoyote ikikuonyesha mstari huo imeubuni. Tafuta kisutu kilichobaki kabatini kwa mtu wa familia ukitazame ua lake; visutu vinafanana sana na vinaendelea kuchapwa. Ukikosa, kiache na rangi ya damu ya mzee iliyokoza, isiyoonyesha mpaka.

Kofia ya babu nayo itazame mara mbili. Viua vya kofia ni vitundu vidogo vilivyoshonwa kwa mpango, na kwenye rangi ya zana vinaweza kuwa vimepakwa rangi moja vyote. Ukitia rangi ya kahawia kwa brashi laini juu ya kazi hiyo, mwanga wa chini utavionyesha vyenyewe. Lakini kama babu alivaa tarbushi, ambayo kwenye picha ni kijivu kizito kisicho na viua na ina kishada, badilisha maagizo iwe nyekundu iliyokoza. Nimewahi kuona mzee wa watu akivishwa kofia nyeupe na mjukuu ambaye hakuwahi kuona tarbushi.

Kukagua, usitegemee macho yako; umeshaitazama picha hii siku tatu na utakubali chochote. Zima na uwashe tabaka la rangi haraka haraka. Kitu kikiruka au kucheza, ujue kuna tabaka lililosahaulika katika hali ya kawaida badala ya `LCh Color`. Kisha ichukue ile karatasi yako: kipini, mwanya, hina, bangili, vidole. Mwisho mpelekee mtu aliyemjua bibi, umwonyeshe bila kumwambia kitu. Akiuliza "huyu nani?" rudi kazini. Akisema "lakini ile kanga haikuwa ya njano", hiyo ndiyo taarifa uliyokuwa unaitafuta tangu mwanzo, na kubadilisha ni dakika tano kwenye tabaka lake.

Ukichapa, andika nyuma kwa penseli rangi ipi ilitoka kwa nani na ipi umekisia: kisutu, desturi, kanga ya somo, kwa kumbukumbu ya fulani, pazia, kisio. Na kona uliyoijazia, iandike pia.